Siku moja maishani mwangu: kukuza kiitikio kwa kupunguza vyombo

Saa 3 asubuhi. Nafungua wimbo ambao mwimbaji wake ana lalamiko moja: kiitikio hakipandi. Namwelewa. Ubeti una ngoma, yaani kiki, sneya na hai-hati, kisha besi, kinanda na magitaa mawili. Kiitikio kinapofika vyombo ni vilevile, wameongezeka waitikiaji tu.

Saa 4. Kwanza najaribu alichoomba, naongeza kiitikio desibeli 2. Limita ya masta, inayozuia sauti ya wimbo mzima isivuke kikomo, ilikuwa inakata desibeli 3. Sasa inakata karibu 5. Kiki imelegea, na ukubwa wenyewe sijausikia. Juu hakuna nafasi tena. Nafasi iko kwenye ubeti.

Saa 5. Nazima ubeti wote, namwacha mwimbaji na kiki. Kisha narudisha chombo kimoja kimoja nikijiuliza kama anakihitaji ili ashike mdundo au noti. Besi inarudi, sneya pia. Gitaa moja linabaki, nalileta katikati. Gitaa la pili, kinanda na hai-hati vinasubiri. Kiitikio kikiingia, magitaa yanatawanyika kushoto na kulia, hai-hati inawasha masafa ya juu, kinanda kinajaza katikati. Sikio hupima ukubwa kwa kulinganisha na lilichosikia muda mfupi uliopita, na hapo ndipo napenda kazi hii kuliko popote.

Saa 8 mchana. Ubeti uliovuliwa umefichua pumzi nzito na kelele za chumba, mambo ambayo kinanda kilikuwa kinayafunika. Nasafisha, naweka mwangwi mfupi ili sauti isibaki kavu. Ubeti wa pili ni mgumu zaidi: ukirudi kwenye utupu uleule baada ya kiitikio, wimbo unaonekana kuanza upya. Naurudishia hai-hati, kwa sauti ya chini. Kinanda na gitaa la pili vinaendelea kusubiri.

Saa 10. Mwendo ni mapigo 96 kwa dakika, kwa hiyo baa moja ya mapigo manne ni sekunde 2.5. Mapigo mawili ya mwisho kabla ya kiitikio nakata ngoma zote na besi, anabaki mwimbaji na gitaa. Nikikata baa nzima, mdundo unapotea mwilini.

Saa 11 jioni. Jaribio langu: nashusha kiitikio hadi mita isome sawa na ubeti, nasikiliza kwa sauti ndogo, kupitia spika moja. Upana umeondoka, sauti kubwa imeondoka. Kiitikio bado kinafunguka, basi mpangilio wenyewe unafanya kazi. Nakirudisha mahali pake pa asubuhi. Limita imerudi kwenye 3.

Saa 12. Mwimbaji anafika, anasikiliza mara mbili.

"Umeongeza ngapi, prodyuza?"

"Sijaongeza. Nimetoa kwenye ubeti."

Anakitaka kinanda chake kwenye ubeti, maana alirekodi akikisikiliza. Tunakubaliana kipige noti moja ya chini mwanzoni mwa mstari wa tano, kisha kinyamaze hadi kiitikio.