Alama 940 Zisizo na Mwenyewe

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha hisabati, ripoti ya mtihani wa muhula iliwekwa mezani katika chumba cha walimu, na mstari wake wa mwisho ulisema kwamba wastani wa kidato kizima katika somo langu ulikuwa 60. Kidato hicho kilikuwa na mikondo mitatu. Mkondo A, niliokuwa nikiufundisha mimi, ulikuwa na wanafunzi 60 na wastani wa 48. Mkondo B ulikuwa na wanafunzi 55 na wastani wa 50. Na mkondo C, uliokusanya wanafunzi 15 waliochaguliwa kwa sababu ya ufaulu wao, ulikuwa na wastani wa 82. Mwalimu wa taaluma alikuwa amejumlisha 48, 50 na 82, kisha akagawanya kwa 3. Katika kujumlisha na kugawanya huko hapakuwa na kosa lolote, na nadhani ndiyo sababu ripoti ilikuwa imepita mikononi mwa watu kadhaa bila mtu kushtuka.

Mimi nilishtushwa na jambo moja: wanafunzi 115 kati ya 130 walikuwa katika mikondo ambayo wastani wake haukuzidi 50, na sikuona jinsi wale 15 waliobaki wangeweza kuwavuta wenzao wote hadi 60. Nikachukua karatasi nikazirudisha alama kwenye jumla zake, kwa kuwa wastani ukizidishwa kwa idadi ya watahiniwa lazima urudishe alama zote walizopata. Mkondo A ulitoa 2,880, B ukatoa 2,750 na C ukatoa 1,230, yaani jumla ya 6,860. Lakini kama wastani wa wanafunzi 130 ungekuwa kweli 60, alama zote zingekuwa 7,800.

"Mwalimu," nilimwuliza mwalimu wa taaluma, "hizi alama 940 zilizozidi ni za nani?"

Alizitazama hesabu zangu kwa muda, akakubali kwamba 6,860 zikigawanywa kwa 130 zinatoa 52.8 hivi. Hata hivyo, alikuwa na hoja ambayo haikustahili kupuuzwa: mikondo ni mitatu, kila mmoja una mwalimu wake, basi kwa nini mmoja usikike kidogo kuliko mwingine? Nilimjibu kwamba hoja yake ingefaa iwapo swali lingehusu mikondo yenyewe, kwa mfano, mkondo ukichaguliwa kwa kura, tutarajie wastani gani? Hapo 60 ndilo jibu. Ripoti, hata hivyo, ilizungumzia wanafunzi wa kidato, na katika hesabu yake alama za mwanafunzi mmoja wa C zilikuwa na uzito mara nne ya alama za mwanafunzi mmoja wa A, kwa sababu theluthi ileile iligawanywa kwa watu 15 upande mmoja na kwa watu 60 upande mwingine.

Bado hakuridhika, kwa hiyo nikamwomba tufanye zoezi la karatasi tu. Tuchukulie kwamba wanafunzi 5 wa C wenye alama 70 kila mmoja wanahamishiwa A. Wastani wa C unapanda kutoka 82 hadi 88, kwa kuwa waliotoka walikuwa chini ya wastani huo. Wa A nao unapanda kutoka 48 hadi 49.7, kwa kuwa walioingia wako juu yake. B unabaki 50. Wastani wa wastani hizo tatu sasa ni 62.6. Shule ingeweza kutangaza maendeleo ya alama mbili na zaidi, ilhali hakuna mtoto hata mmoja aliyeongeza alama, na wastani wa wote 130 ungebaki palepale, 52.8. Zoezi hili ndilo lililomgeuza, kuliko maelezo yangu yote juu ya uzito.

Akaniuliza kama basi miaka yote iliyopita ripoti zilikuwa na dosari. Si lazima. Mikondo ikiwa na idadi sawa, njia zote mbili hutoa jibu moja, na hata ikitofautiana, pengo huwa dogo endapo ukubwa wa darasa hauendi pamoja na ufaulu wake. Kwetu vilikwenda pamoja kwa makusudi: waliofaulu zaidi ndio waliowekwa katika darasa dogo, na hivyo kosa lilielekea upande uleule siku zote, upande wa kuipendezesha shule.

Tulipokaa kuandika ripoti upya, lilizuka suala la idadi ipi itumike, kwa maana daftari la mkondo B lilionyesha wanafunzi 58, watatu wakiwa hawakufanya mtihani. Tulitumia 55, kwa kuwa ile 50 ilipatikana kwa kugawanya alama za waliofanya peke yao, na kuizidisha kwa 58 kungeongeza alama 150 ambazo hakuna aliyezipata. Kando ya kila wastani tukaandika idadi ya watahiniwa, safu ambayo ripoti ya kwanza haikuwa nayo.