Nne Iliyosomwa Kama Moja

Mwezi Julai mwaka 2011 nilikuwa mwalimu mwanafunzi katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro, nikifundisha fizikia Kidato cha Tatu kwa wiki nane za mazoezi ya kufundisha. Jambo ninalolikumbuka kuliko mengine yote ya wiki zile ni karatasi moja ya jaribio, iliyokunjwa mara nne na kuandikwa kwa penseli, ambayo nilikaribia kuipa alama zote kwa sababu jibu lake lilikuwa zuri mno.

Jaribio lenyewe lilikuwa la kutafuta joto mahususi la alumini, yaani kiasi cha joto kinachohitajika ili kilo moja ya madini hayo ipande kwa digrii moja. Maabara ilikuwa na bonge moja tu la alumini lenye matundu mawili juu, tundu pana la hita na tundu jembamba la kipimajoto, kwa hiyo makundi yalifanya kazi kwa zamu, moja asubuhi na moja mchana, kwa siku tatu. Umeme ulitoka kwenye betri ya lori. Katika tundu la kipimajoto tulitia matone ya mafuta ya kula ili kioo kigusane vizuri na alumini, maana hewa iliyobaki katikati huchelewesha joto kufika. Bonge lilikaa wazi juu ya kipande cha ubao, bila kufunikwa kwa kitu chochote, na huo ulikuwa uzembe wangu mwenyewe, kwani kitabu cha maabara kilieleza wazi kwamba livikwe pamba au kitambaa kizito.

Jioni ya siku ya tatu nilibaki maabara peke yangu na karatasi sita. Fomula ilikuwa moja kwa wote, volti mara ampea mara sekunde, kugawanya kwa kilo mara digrii zilizopanda, na jibu ni jouli kwa kila kilo kwa kila digrii:

```
c = V × I × t / (m × ΔT)
```

Makosa ya uzito yalijitangaza yenyewe. Mizani yetu ilikuwa ile ya mikono mitatu, ambayo mtu husoma mamia kwenye mkono mmoja, makumi kwenye mwingine na gramu na sehemu zake kwenye wa tatu, kisha hujumlisha. Bonge lilikuwa na gramu 985. Kundi moja liliandika kilo 0.0985, na jibu lake likawa zaidi ya 9,900. Hapo hapakuhitajika kukagua mstari kwa mstari, kwa sababu maji, ambayo hula joto kuliko karibu kila kitu tunachokigusa nyumbani, yana 4,200 tu, na alumini haiwezi kuyashinda mara mbili na zaidi. Jibu linapokuwa kubwa mara kumi kamili kuliko la wenzako, nukta imehama, na mahali pa kwanza pa kuitafuta ni pale gramu zilipogeuzwa kuwa kilo. Kundi jingine liliacha 985 kama ilivyo na kupata 0.99. Hao niliwahurumia kidogo, maana hesabu yao ilikuwa sahihi kwa gramu, ila mwishoni waliandika kipimo cha kilo, na kwa kuandika hivyo wakawa wamekosea mara elfu moja.

Kisha nikafika kwenye karatasi ya kundi la nne. Hesabu ilikuwa safi, imepangwa hatua kwa hatua kwa mwandiko wa kalamu. Volti 12.0, ampea 4.0, sekunde 600, kwa hiyo jouli 28,800. Uzito kilo 0.985. Halijoto ya mwanzo 21.5, ya juu kabisa 54.0, tofauti 32.5. Niligawanya mwenyewe kwa kikokotoo, nikapata 899.6, nao walikuwa wameandika 900. Thamani iliyo kwenye kitabu ni 900. Nilichora alama ya vema kubwa kwa wino mwekundu na, nakiri, nikafikiri kwamba somo langu lilikuwa limeeleweka.

Mzee wa maabara alikuwa akifunga madirisha. Alikuwa mtu wa makamo aliyekaa katika chumba kile miaka mingi kuliko umri wa wanafunzi wetu, na ingawa hakuwa mwalimu, hakuna jaribio la silabasi ambalo hakuwahi kulipanga mezani. Alisimama nyuma yangu, akaitazama ile 900, akauliza kwa upole, "Mwalimu, hawa bonge lao walilifunika?"

Nilimjibu kwamba hapana, makundi yote yalilitumia wazi.

"Sasa joto lililotoroka liko wapi humu?"

Sikuwa na jibu. Bonge lililo wazi likifika digrii 50 katika chumba chenye digrii 25 hupoteza joto kila dakika kwa hewa na kwa ubao, na fomula haina habari na upotevu huo. Fomula huhesabu jouli zote 28,800 kana kwamba zimeingia kwenye alumini, ilhali halijoto imepanda pungufu. Ukigawanya kwa tofauti iliyopungua, jibu linakuwa kubwa kuliko ukweli. Kwa hiyo bonge lisilofunikwa halina budi kutoa zaidi ya 900, na mtu anayepata 900 kamili ama amebahatika ama kuna kosa jingine linalovuta upande wa pili. Mambo hayo nilikuwa nimeyafundisha siku nne kabla, kwa maneno yayo hayo.

Tukaitafuta karatasi ya vipimo, ile ya penseli iliyobanwa nyuma ya hesabu. Walikuwa wamesoma halijoto kila dakika, na kwa kuwa kipimajoto chetu kilikuwa na mistari ya digrii moja moja, walikadiria hadi nusu. Mkunjo wa karatasi ulipita juu ya kipimo cha kwanza kabisa. Tarakimu ya pili ya kipimo hicho ilionekana kama mstari mmoja uliosimama, 21.5, na pembeni yake palikuwa na kivuli cha penseli kilichofutika. Inawezekana kabisa ilikuwa 24.5 iliyopoteza mkono wake wa kushoto, na inawezekana pia ilikuwa moja tu iliyochafuka. Nilitaka kusema kwamba chumba hakikuwa na digrii 21, lakini nikakumbuka kwamba kundi hilo lilifanya kazi saa mbili asubuhi, na asubuhi za Julai pale chini ya milima ya Uluguru huwa na ubaridi. Chumba hakikuweza kutoa ushahidi.

Mzee akaniambia nisome vipimo vinavyofuata kwa sauti. Dakika ya kwanza 26.0, ya pili 29.0, ya tatu 32.0, ya nne 35.0, na kuendelea hivyo hivyo hadi 44.0 katika dakika ya saba, kisha mwendo ukalegea kidogo. Hita ilizimwa dakika ya kumi ikiwa 52.0, na halijoto ikaendelea kupanda hadi 54.0 kabla ya kuanza kushuka.

"Dakika ya kwanza imepanda ngapi?" akauliza.

Kama mwanzo ni 21.5, ilipanda digrii nne na nusu. Kama ni 24.5, digrii moja na nusu. Baada ya hapo kila dakika ilikuwa tatu. Nilielewa kabla hajamaliza kutabasamu. Dakika ya kwanza ndiyo ya polepole kuliko zote, kwa sababu hita yenyewe lazima ipate moto kwanza, kisha joto lisafiri ndani ya alumini hadi kwenye tundu la kipimajoto. Ucheleweshaji huo huo ndio uliofanya halijoto iendelee kupanda baada ya swichi kuzimwa. Bonge haliwezi kukimbia mwanzoni kuliko linavyokimbia katikati ilhali ampea ni zile zile.

Hata hivyo, sikutaka kubadilisha alama ya mwanafunzi kwa hoja ya kivuli cha penseli. Nikachukua karatasi ya grafu, nikaweka nukta zote isipokuwa ile ya kwanza yenye mashaka, nikapitisha rula kuanzia dakika ya kwanza hadi ya saba. Mstari ulikuwa umenyooka vizuri. Digrii 18 katika sekunde 360 ni digrii 0.05 kwa sekunde, na kwa njia hii kipimo cha mwanzo hakihitajiki hata kidogo: unachukua wati 48, yaani volti 12 mara ampea 4, unagawanya kwa kilo 0.985 mara 0.05, unapata takribani 975. Ili jibu liwe 900 mstari ungepaswa kupanda digrii tatu na robo kila dakika, na haukupanda hivyo. Kisha nikarudia hesabu yao nikitumia 24.5. Tofauti ikawa 29.5, na jibu likawa 991. Kwamba 991 imezidi 975 kulieleweka pia, kwa sababu hesabu ya kwanza inabeba dakika za mwisho, bonge lilipokuwa na moto mwingi na kupoteza mwingi, wakati mstari wangu uliishia kwenye digrii 44. Isitoshe, kwa kipimajoto kile, kukosea nusu digrii kila upande kunaweza kusogeza jibu kwa thelathini na kitu.

Kesho yake nilimwita kiongozi wa kundi, msichana mtulivu aliyekaa kiti cha mbele. Nilimwekea karatasi ya penseli bila kumwambia lolote, nikamwomba anisomee kipimo cha kwanza.

"Ishirini na nne nukta tano, mwalimu," alisema mara moja.

"Na hapa kwenye hesabu?"

Alitazama, akanyamaza kwa muda. Aliyenakili vipimo kwa kalamu, alieleza, alikuwa mwenzao ambaye hakuwepo asubuhi ile, na walipopata 900 hakuna aliyeona haja ya kurudi nyuma. Nilimwambia kwamba hata mimi sikuiona, nikamwonyesha alama yangu ya vema. Alicheka akiwa ameficha mdomo kwa daftari. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: kama alumini ni 900, basi jouli ngapi zilipotea?

Tulilikokotoa pale pale. Kilo 0.985 mara 900 mara 29.5 ni takribani jouli 26,150. Zilizotoroka, pamoja na zile zilizobaki kwenye hita yenyewe, zilikuwa kama 2,650, yaani sehemu moja kati ya kumi na moja hivi. Akataka kujua kama tungeweza kuzikamata. Mzee alikwisha kutoa blanketi kuukuu kabatini na kulikata vipande.

Tulirudia siku ya Ijumaa baada ya masomo, bonge likiwa limeviringishwa mara tatu na kufungwa kwa kamba ya katani, betri ile ile, dakika kumi zile zile. Safari hii halijoto ilipanda digrii 31.5. Msichana aligawanya mwenyewe, akapata 928, akaliacha hivyo hivyo. Alipoandika kipimo cha mwanzo kwenye jedwali jipya, aliitumia kalamu, na ile nne aliichora kubwa, imefungwa juu kama pembetatu.