Nilivyoubana wimbo wa bibi ndani ya sekunde 3

Kazi ilikuwa video moja ya kikundi cha kinamama wa Newala wanaoimba kwa Kimakonde. Wajukuu wao walioko Dar hawasikii lugha, kwa hiyo walitaka maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Bibi anayeongoza wimbo alikaa na mimi barazani, tukapitia mstari mmoja mmoja, yeye anafafanua na mimi naandika. Tafsiri ilipatikana vizuri kabisa. Shida ilianza nilipoiweka kwenye video, maana kila mwenye simu Mtwara hii ana ushauri wake kuhusu maandishi ya chini, na mwingi niliopewa haukufaa.

Mmoja aliniambia niweke kila neno, eti kukata ni kudharau mila. Mwingine akasema nipunguze tu ukubwa wa herufi, itaingia mistari minne. Jaribuni kutazama hiyo kwenye simu ya kawaida, halafu mniambie kama mliziona nyonga za wachezaji. Macho yanashinda chini yanasoma, na ngoma inapita.

Ubeti ulionipa kazi ni wa mwanamke anayemsema mumewe aliyeoa mke wa pili msimu wa korosho. Kwa maneno ya bibi ulikuwa hivi: "Mume wangu, wakati ule tulipokuwa tunapulizia salfa kwenye mikorosho yetu tulikuwa wawili tu, mimi na wewe." Kisha: "Leo hii pesa za mnada zimeingia, nikitazama ndani ya nyumba naona tumekuwa watatu." Wenzake wanaitikia mara mbili: "Tuhesabu tena!"

Mstari wa kwanza una herufi 107 ukihesabu nafasi na alama, na bibi anauimba kwa sekunde 3. Kipimo kinachotumika sana kwenye filamu ni mistari isiyozidi 2, kila mmoja herufi zisizozidi 42 hivi, na mtazamaji mtu mzima anapewa herufi kama 17 kwa sekunde. Mimi kwa nyimbo nashuka hadi 15, kwa sababu mtu anasoma huku anataka kuona ngoma. Sekunde 3 mara 15 ni herufi 45. Yaani zaidi ya nusu ya mstari lazima iondoke.

Hapo ndipo ulipoingia ushauri ulioniudhi kuliko yote. Jamaa mmoja anayehariri video za harusi aliniambia nisihangaike, niandike maana tu, akaniandikia mwenyewe: "Tulifanya kazi pamoja, sasa umeoa mwingine." Ni fupi, inasomeka, na hakuna uongo ndani yake. Tukaicheza. Maandishi yakapita, kiitikio kikafuata: "Tuhesabu tena!" Wahesabu nini? Hakuna namba hata moja iliyobaki juu ya kuhesabu. Wimbo wote umejengwa juu ya wawili na watatu, yeye kavitupa vyote viwili na kuacha habari ambayo mtu angeweza kuisoma gazetini. Tangu siku ile, kabla sijakata neno, naanza kwenye kiitikio. Najiuliza kinajibu nini, na hicho kinachojibiwa sikigusi. Namba, majina na kukanusha pia sivigusi, maana kikiondoka kimoja maana inageuka.

Vinavyoondoka kwanza ni vile ambavyo Kiswahili chenyewe kimeshavibeba. "Mimi na wewe" imo ndani ya "tu-" ya "tulikuwa". "Wakati ule tulipokuwa tunapulizia" inakuwa "tulipopulizia" bila kupoteza kitu. "Mume wangu" ilishatokea ubeti wa juu na anayesemwa hajabadilika, ikaondoka. Salfa niliisikitikia, lakini mtu wa Dar haimwambii chochote, wakati mikorosho inamwambia. Nikabaki na "Tulipopulizia mikorosho tulikuwa wawili", herufi 40 ukihesabu na nukta. Imeingia, na chenji imebaki.

Mstari wa pili ulikuwa na mtego wake. Bibi anaimba pesa za mnada zimeingia, halafu ananyamaza kama sekunde moja, ngoma inapiga, ndipo anatamka kwa haraka kwamba wamekuwa watatu. Kinamama wote hucheka hapo. Ukiweka mstari mzima kwa mkupuo, msomaji anafika kwenye "watatu" wakati bibi bado yuko kwenye pesa, na ule ukimya wake unakuwa hauna kazi. Kwa hiyo nikaukata sehemu mbili. Sehemu ya kwanza haikuwa na taabu. Ya pili ina herufi 16, inahitaji zaidi ya sekunde moja, na bibi anaitamka kwa chini ya hapo.

Dawa yake ninaionea fahari mpaka leo: nilikopa muda kwa kiitikio. Kinamama wanarudia maneno yale yale mara mbili, hivyo nikaacha "tumekuwa watatu" ikae kwenye kioo wakati wanaitikia mara ya kwanza, na "Tuhesabu tena!" nikaiandika kwenye mara ya pili. Kwenye beti zilizofuata, kiitikio sikukiandika kabisa, mtazamaji ameshakijua, na muda wote ule ukawa mali ya mistari mirefu. Angalieni tu kama waitikiaji wanabadilisha neno katikati ya wimbo. Wakibadilisha, kiitikio kirudi kwenye kioo palepale, hakuna kukopa.

Faili la maandishi, la .srt, lilikaa hivi:

```
14
00:01:12,000 --> 00:01:15,000
Tulipopulizia mikorosho
tulikuwa wawili.

15
00:01:15,100 --> 00:01:17,200
Pesa za mnada zimeingia,

16
00:01:18,300 --> 00:01:20,300
tumekuwa watatu.

17
00:01:20,400 --> 00:01:22,400
Tuhesabu tena!
```

Oneni kati ya 15 na 16, kioo ni kitupu bibi anaponyamaza. Na 14 nimeivunja baada ya "mikorosho", kitu kizima kinakaa juu na kitu kizima chini. Nafasi ndogo kati ya maandishi na maandishi ni ya lazima, bila hiyo jicho halitambui kwamba maneno yamebadilika.

Natumia Subtitle Edit, ni ya bure, inahesabu herufi kwa sekunde na kuweka rangi pale ulipozidisha. Lakini rangi haijui kama wimbo umeeleweka. Nilimwita dereva wa bodaboda wa hapa mtaani, mtu wa Singida asiyesikia Kimakonde hata salamu. Nikamwonyesha mara moja bila kusimamisha, kisha nikamwomba anisimulie. Akasema, "Huyu mama anamwambia mumewe, kwenye shida tulikuwa wawili, kwenye hela umeongeza mtu." Soda niliyomnunulia ndiyo gharama pekee ya maana niliyoitoa, ukiacha bando. Ubeti mmoja wa mwisho hakuweza kuusimulia, nikarudi nao barazani, bibi akaniambia, "Mjukuu wangu, hapo umeniacha jina la kijiji." Kweli, nilivunja kanuni yangu mwenyewe, nililitoa kupata nafasi. Nikalirudisha jina, nikatoa "jamani" mbili na "ee mama" moja, ikakaa.

Kutuma ni jambo jingine. Wajukuu wanatazama kwenye WhatsApp, na huko faili la pembeni la .srt halifanyi kazi, lazima maandishi yachomewe ndani ya picha. Ukishachomea huwezi kusahihisha hata nukta, kwa hiyo .srt na video isiyo na maandishi nimevihifadhi pamoja kwenye flashi, vyote kwa jina moja. Bibi ameshasema kuna wimbo mwingine wa Tandahimba anataka ufanyiwe hivyo hivyo, na ule waitikiaji wanabadilisha maneno kila ubeti.