Nilivyopima chuma kwenye vidonge vya kuongeza damu kwa pamanganeti

Vidonge nilivyopima ni vile vya kawaida vya salfeti ya chuma vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa hapa Mwanza. Lebo inasema kila kimoja kina miligramu 200 za salfeti iliyokaushwa, sawa na takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Swali langu lilikuwa dogo: je, chuma hicho kimo? Bureti, pipeti na pamanganeti ya potasiamu vinatosha kulijibu, ila kazi kubwa iko kabla ya kidonge cha kwanza kuguswa.

Nianze na maji, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Maji ya bomba ya Mwanza hutoka ziwani. Yakishasafishwa yanafaa kunywa, lakini kwenye kipimo hiki yana maadui wawili. Mabaki ya viumbe na mwani hula pamanganeti, na klorini ya kusafishia hugeuza chuma(II) kuwa chuma(III) kabla hujakipima. Mmoja anapandisha jibu, mwingine anashusha, na huwezi kutegemea kwamba vitafutana. Tumia maji yaliyokenekwa. Ukilazimika kununua maji ya betri, yajaribu kwanza: chukua mililita 100, tia asidi ya salfuriki kidogo, kisha tone moja la pamanganeti. Waridi likikaa, maji ni mazuri. Likififia ndani ya dakika chache, tafuta mengine.

Pamanganeti yenyewe haiaminiki kwa mizani peke yake. Fuwele zake karibu kila mara zina chembe za oksidi ya manganizi, na chembe hizo huchochea iliyobaki iendelee kuoza. Kwa hiyo nilipima gramu 3.2, nikaziyeyusha katika lita moja ya maji, nikachemsha polepole kwa saa moja, nikaacha ipoe hadi kesho yake, kisha nikachuja kwa pamba ya kioo. Usichujie karatasi: pamanganeti huishambulia karatasi, na unachopata ni oksidi mpya ya kahawia pale pale ulipotaka kuiondoa. Mchanganyiko ulikaa kwenye chupa nyeusi, mbali na jua la dirishani. Una nguvu ya karibu 0.02 M, na hilo neno “karibu” ndilo linalotakiwa kuondolewa.

Kuliondoa nilitumia oksaleti ya sodiamu, ambayo tofauti na pamanganeti inapimika kwa mizani na kuaminika. Iliyokaushwa saa mbili kwenye nyuzi 105, gramu 1.675, niliiyeyusha na kuijaza hadi mililita 250. Moli moja ni gramu 134.00, kwa hiyo hapo kuna moli 0.0125, yaani 0.0500 M. Mlinganyo ni huu:

2MnO4⁻ + 5C2O4²⁻ + 16H⁺ → 2Mn²⁺ + 10CO2 + 8H2O

Nilichota mililita 25 kwa pipeti, nikaongeza mililita 25 za asidi ya salfuriki ya 2 M, nikapasha hadi nyuzi 70. Oksaleti ikiwa ya baridi, mmenyuko huu ni mzito mno. Lakini usingoje mchemko. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu na nyuzi 96, joto ambalo tayari asidi ya oksaliki huanza kuvunjika yenyewe. Ikivunjika, pamanganeti itatumika kidogo kuliko inavyostahili na utaidhani ina nguvu kuliko ilivyo. Kipimajoto ndani ya chupa, basi, na kazi imalizike kabla joto halijashuka chini ya 60.

Tone la kwanza litakushangaza kama hujawahi kulifanya. Rangi inabaki, inazunguka chupani, na mtu huona kama amefika mwisho papo hapo. Subiri. Baada ya sekunde kadhaa inapotea, na tone la pili linapotea haraka zaidi. Sababu ni kwamba ioni za Mn²⁺ zinazotokana na mmenyuko ndizo zinazouchochea, na mwanzoni hazipo. Ukimimina kwa pupa wakati huo, maji yanakuwa ya kahawia, kama chai, na hiyo ni oksidi ya manganizi. Kahawia hiyo hiyo hutokea asidi ikiwa chache. Kwa vyovyote vile mwaga uanze upya; usijaribu kuiokoa.

Wastani wa bureti ulikuwa mililita 25.35. Oksaleti iliyokuwa chupani ni milimoli 1.250. Kila tano hutaka mbili za pamanganeti, hivyo 1.250 × 2/5 = milimoli 0.500. Gawa kwa 25.35, unapata 0.01972 M.

Nguvu hiyo ni kubwa mno kwa vidonge. Ningetumia mililita sita hivi tu, na kosa dogo la kusoma lingekuwa zito. Kwa hiyo nilichota mililita 50 za pamanganeti hiyo nikaijaza hadi 250, ikawa 0.003944 M. Iliyozimuliwa haidumu, itumie siku hiyo hiyo.

Sasa vidonge. Nilichukua vitano, nikaosha ganda la rangi kwa maji baridi haraka haraka na kuvikausha kwa karatasi, maana sukari na rangi za ganda nazo hula pamanganeti. Nilivisaga kwenye kinu kidogo pamoja na asidi ya salfuriki ya 1 M, nikasukutua kinu kwa asidi hiyo hiyo hadi ikafika kama mililita 100, nikapasha kidogo huku nikikoroga. Unga mweupe uliobaki ni wanga na vijazio visivyoyeyuka. Huo nilichuja kwa karatasi, ambayo safari hii haina madhara kwa kuwa pamanganeti haijaingia. Kisha nikajaza hadi mililita 250 kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kuyachemsha kunafukuza oksijeni, na oksijeni ndiyo inayokula chuma(II) polepole. Ndani ya asidi chuma hustahimili hewa vizuri zaidi, lakini si kwa kulala usiku kucha.

Asidi iwe ya salfuriki tu. Ya haidrokloriki hutoa kloraidi, ambayo pamanganeti huigeuza klorini, tena mbele ya chuma kazi hiyo huenda kasi zaidi, jibu linapanda. Ya nitriki inaoksidisha chuma yenyewe, jibu linashuka.

Kwenye chupa ya titresheni niliweka mililita 25 za mchanganyiko wa vidonge, mililita 25 za asidi ya salfuriki ya 1 M, na mililita 5 za asidi ya fosforiki. Hii ya mwisho si ya lazima, lakini mimi siiachi. Chuma(III) kinachojikusanya kina manjano hafifu, na waridi juu ya manjano husomeka kama rangi ya chungwa iliyochakaa. Fosforiki hukishika chuma(III) kwenye umbo lisilo na rangi, na uwanja unabaki mweupe. Hapa hakuna kupasha joto: chuma humenyuka mara moja hata kikiwa baridi, na joto lingekiharakishia hewa tu.

MnO4⁻ + 5Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H2O

Kiashiria hakihitajiki, pamanganeti inajitangaza. Weka kigae cheupe chini ya chupa. Mwanzoni kila tone hufifia likigusa maji. Ukikaribia, wingu la zambarau huacha mkia unaochukua mizunguko miwili mitatu kupotea; hapo punguza hadi tone moja moja, na mwishowe nusu tone linaloning'inia, ukilisukuma ndani kwa maji ya chupa ya kunyunyizia. Kikomo ni waridi hafifu sana, la kiasi kwamba unahitaji kigae kuliona, lililoenea chupa nzima na kukaa sekunde 30. Likififia baada ya hapo usiongeze. Mabaki ya vijazio hula pamanganeti taratibu, na Mn²⁺ yenyewe humenyuka nayo, kwa hiyo ukiifuata rangi hiyo utaifuata hadi jioni na jibu litapanda bila sababu. Waridi lililokolea nalo maana yake umepita.

Kwa kuwa pamanganeti ni nyeusi, ukingo wa chini wa kimiminika ndani ya bureti hauonekani vizuri. Soma ukingo wa juu, mwanzo na mwisho, tofauti inabaki sahihi.

Nilipata 28.95, 28.90 na 28.85, wastani 28.90. Chupa yenye asidi na maji bila vidonge ilihitaji 0.05 kuwa ya waridi, nikaitoa: 28.85. Hesabu inakwenda hivi. 28.85 × 0.003944 = milimoli 0.1138 za pamanganeti. Kila moja imeoksidisha chuma tano, basi 0.5689. Nimechota 25 kati ya 250, zidisha kwa 10: milimoli 5.689. Zidisha kwa 55.85 upate miligramu 317.7 kwa vidonge vitano, yaani 63.5 kwa kidonge. Ni karibu asilimia 98 ya kilichoandikwa. Wanafunzi wengi wanaokosea hapa husahau mara 10, au hugawa kwa 5 mahali pa kuzidisha. Jibu la miligramu 6 au 2.5 kwa kidonge liwashtue kabla ya kuliandika.

Ila kumbuka kilichopimwa: chuma(II) peke yake. Kidonge kilichokaa kwenye unyevunyevu kikaanza kugeuka kahawia kina chuma(III) ambacho pamanganeti haikioni kabisa. Ili kukijua, nilichukua mililita 25 nyingine za mchanganyiko uleule, nikatia chembe za zinki pamoja na asidi, nikapasha hadi tone lililojaribiwa pembeni na thayosayaneti ya potasiamu lisitoe wekundu, nikachuja zinki kwa pamba ya kioo na kuisuuza. Baada ya kupoa bureti ilisoma 29.40, na ukitoa 0.05 ile ile ni sawa na miligramu 64.6 kwa kidonge. Miligramu 1.1 hivi zilikuwa zimeshaoksidishwa kabla sijafungua pakiti.

Na soma lebo kabla ya kuanza. Kama imeandikwa fumareti ya chuma badala ya salfeti, njia hii haifai, maana fumareti yenyewe humenyuka na pamanganeti na chuma kitaonekana kingi kuliko kilichomo. Huko hutumika seriamu(IV) na kiashiria cha feroini, na kwa sababu ya sukari na vijazio, hiyo ndiyo njia ninayoichagua hata kwa salfeti pale jibu linapotakiwa kwa ajili ya kukubali au kukataa dawa.