Shoti ya elfu nane

Duka langu la vyakula liko jirani na Soko la Majengo, hapa Dodoma. Zamani nikifunga nilikuwa natazama kwanza jumla ya daftari, ndipo nahesabu fedha. Hapo ndipo nilipokuwa nikipotea, maana ukishajua kiasi unachokitafuta, ukikosa elfu mbili unajiambia umehesabu vibaya, unaacha. Sasa mimi na binti wa kaunta kila mmoja anahesabu peke yake, anaandika kwenye karatasi yake, kisha ndipo daftari linafunguliwa.

Jumanne moja tulianza na chenji ya 60,000 kwenye droo. Mauzo ya taslimu yalikuwa 1,412,000, na matumizi yenye vikaratasi, mifuko na bodaboda, 15,000. Waliolipa kwa lipa namba wana ukurasa wao, hawachanganywi humo. Ukijumlisha na fedha zilizokwishapelekwa benki alasiri, tulitakiwa tuwe na 1,457,000. Tukapata 1,449,000.

"Mama, elfu nane tena," binti akasema, na sauti ilimtetemeka. Jumamosi nayo ilikuwa elfu nane hiyohiyo.

Sikumtuhumu. Shoti inayorudi kwa kiasi kilekile mara nyingi ni kosa la mkono, na elfu nane ndiyo tofauti ya noti ya elfu kumi na ya elfu mbili. Ilibaki kujua ni saa ngapi. Hapo nilisaidiwa na utaratibu wa benki: kila siku saa kumi alasiri tunahesabu droo na kupeleka fedha jua lingalipo. Siku hiyo nilipeleka 900,000, na hesabu ya saa kumi ilikuwa sawasawa. Basi upungufu ulitokea baada ya hapo, giza lilipoingia.

Nikasimama kwenye kaunta nikawasha taa. Balbu ilikuwa hafifu, ya njano. Noti ya elfu mbili iliyochakaa, rangi yake ya hudhurungi, ilikaribiana kabisa na wekundu wa elfu kumi. Mteja anatoa elfu mbili, anarudishiwa chenji ya elfu kumi.

Nilibadilisha balbu siku ileile. Pia noti ya mteja haiingii droo mpaka chenji itoke: inalala juu ya kaunta, na binti anaitaja kwa sauti, "Elfu kumi hii, kaka." Mteja akibisha, noti bado ipo mbele yao wote wawili.

Kuhusu benki, naandika kiasi kwenye daftari kabla ya mfuko kutoka dukani, halafu nalinganisha na risiti. Nikitumia wakala, siondoki dirishani mpaka ujumbe wa benki uingie kwenye simu yangu, jina na kiasi vikiwa sahihi. Tunakwenda wawili pamoja, na njia tunaibadilisha. Fedha za jioni sizibebi usiku. Zinalala kwenye kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa bolti sakafuni, na asubuhi zinahesabiwa upya kabla ya kutoka.

Elfu nane haijarudi. Wiki iliyopita tulipungukiwa 500, tukaitafuta mpaka tukaikuta: mfuko mmoja ulinunuliwa bila kikaratasi.