Nilivyoandika wosia wa nyumba moja kwa watoto wanne

Mtaani kwetu Kihonda, hapa Morogoro, kuna nyumba imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwenyewe alikuwa rafiki yangu, na wosia aliacha. Niliusikia ukisomwa msibani: "Nyumba nawaachia wanangu wote, iwe ya familia." Watoto wake sasa wanakutana mahakamani tu. Mmoja kapangisha vyumba bila kuwauliza wenzake, mwingine ndiye aliyepaka hiyo rangi.

Siku niliyokaa kuandika wangu, nikaandika maneno yaleyale. Nilikuwa na miaka 68, mwalimu mstaafu, mjane, na watoto wanne: binti mkubwa ameolewa Arusha, wa pili ni kijana ninayeishi naye, wa tatu yuko Dar, kitinda mimba alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo. Kwenye daftari nikaandika: "Nyumba yangu nawaachia wanangu wanne kwa pamoja. Isiuzwe." Nikaweka sahihi, nikaificha ndani ya Biblia.

Kilichoniokoa ni kwamba nilimpelekea wakili, binti niliyewahi kumfundisha darasa la nne. Alinisalimu shikamoo, akausoma, kisha akaniomba hati ya nyumba. Hati ilikuwa bado na jina la marehemu mume wangu, aliyefariki 2014.

"Mwalimu, hii nyumba bado si yako ya kuwaachia."

Nilikasirika. Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imeniteua mimi kuwa msimamizi wa mirathi, barua ya uteuzi ninayo. Akanieleza polepole kwamba msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawa kwa warithi, kisha kurudisha taarifa mahakamani. Mimi nilipata uteuzi nikatulia miaka tisa. Kwa hiyo nyumba ilikuwa bado mirathi ya baba yao, na wanangu walikuwa warithi ndani yake pamoja nami. Ningekufa hivyo, wosia wangu ungegusa sehemu yangu tu, na angehitajika msimamizi mwingine wa mirathi ya baba kabla hata ya kuanza ya mama.

Tukaanzia huko. Niliwaita watoto, kila mmoja akaandika ridhaa kwamba sehemu yake katika mirathi ya baba inakuja kwangu, wakasaini mbele ya hakimu. Yule wa tatu alisita. Aliuliza waziwazi: "Mama, nikisaini leo, nina uhakika gani wa kesho?" Swali la haki kabisa, na ndilo lililonifanya niamue kwamba wosia wangu hautakuwa siri. Nikajaza Fomu Na. 5 ya orodha ya mali na Na. 6 ya hesabu, mirathi ikafungwa. Kwenye ofisi ya ardhi jina langu liliandikwa kwanza kama msimamizi, kisha kama mmiliki. Miezi mingi ilipita hapo, na nauli nyingi.

Ndipo tukarudi kwenye lile daftari. Wakili hakuanza na sheria, alianza na maswali. Paa likivuja, nani analipa? Mmoja akitaka chake, anatokaje? Kodi ya vyumba vya uani anachukua nani? Mmoja akifa kabla yako, mkewe anaingia? Sikuwa na jibu hata moja. Akasema neno "kwa pamoja" ndilo lenye sumu, kwa sababu halisemi nani ana kiasi gani. Na "isiuzwe" haiwezi kuwafunga watu wazima wanne maisha yao yote. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamruhusu mwenye hisa kwenda kuomba mgawanyo, na nyumba isiyogawanyika vyumba kwa vyumba huishia kuuzwa. Katazo langu lingewapa cha kugombea tu.

Kwa hiyo tuliandika hisa. Kila mtoto robo, mkubwa na mdogo, wa kike na wa kiume. Kisha njia ya kutokea. Baada ya mahakama kumthibitisha msimamizi, ataita mthamini aliyesajiliwa, na bei yake ndiyo itakayotumika, si ya dalali wala ya jirani. Kuanzia hapo mtoto yeyote ana miezi 12 ya kutangaza kwamba anawanunua wenzake. Wakitaka wawili, kila mmoja ataandika bei yake kwenye bahasha, isiwe chini ya tathmini, na ya juu ndiyo itakayoshinda. Asipojitokeza mtu, nyumba iuzwe na fedha zigawanywe. Nilibisha sana hapo kwenye kuuzwa, maana tofali za nyumba ile nilizimwagia maji mwenyewe. Lakini kati ya nyumba kuuzwa na nyumba kupakwa rangi nyekundu, nilichagua ya kwanza.

Pagumu kuliko pote palikuwa kwa kijana wangu wa pili. Mwaka 2019 alijenga vyumba viwili vya uani kwa fedha yake, shilingi milioni 8, na wenzake wanajua. Yeye aliamini moyoni kwamba vyumba vile ni vyake. Wenzake waliamini kwamba ameshakula faida kwa kukaa bure. Nisingesema neno, kila upande ungekuwa na ushahidi wake. Niliamua arudishiwe milioni 8 kwanza kabla ya mgawo, bila kuongeza wala kupunguza, na vyumba viwe sehemu ya nyumba. Tulifanya hesabu mezani kwa wakili. Tuseme mthamini ameweka milioni 88. Toa 8 zake, zinabaki 80, kila mtoto 20. Yeye akitaka kubaki na nyumba atawalipa wenzake watatu milioni 20 kila mmoja, jumla 60. Nyumba ikiuzwa, yeye anaondoka na 28 na wengine 20 kila mmoja. Mtoto yeyote atakayenunua nilimpa nafasi ya kulipa ndani ya miezi 24, ila hati itakaa kwa msimamizi na haitabadilishwa jina mpaka shilingi ya mwisho ilipwe.

Katika ile miezi 12 kijana wangu wa pili anaweza kuendelea kukaa bila kodi, lakini umeme na maji ni juu yake, pamoja na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU. Kodi ya ardhi ya mwaka italipwa na msimamizi kutoka kwenye pango la wapangaji wa uani. Kitakachobaki kinagawanywa kwa robo zilezile.

Vifungu viwili vidogo nilikaribia kuviacha. Kimoja kinasema nilichompa mtoto yeyote nikiwa hai hakihesabiwi. Binti mkubwa nilimsaidia mtaji wa duka, kitinda mimba nilimlipia ada mpaka mwisho, na tungeanza kupiga hesabu hizo tusingemaliza. Cha pili ni mtoto akitangulia kufa: robo yake itakwenda kwa watoto wake, na kama hana, itarudi kwa ndugu zake. Wakwe zangu nawapenda, lakini hilo nililitaka liandikwe.

Msimamizi sikumteua mtoto yeyote. Nilimteua mpwa wangu, mtu wa hesabu, asiye na hisa hata ya dirisha, na binti mkubwa awe wa akiba kama mpwa hayupo au amekataa. Nilimwomba kwanza. Kuna watu husikia uteuzi wao makaburini.

Kuhusu mashahidi, wakili alitaka wosia usimame kwa sheria yoyote ambayo hakimu angeamua inanihusu, kwa kuwa mimi ni Mkristo niliyeishi mjini lakini nina ukoo na mila zake. Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika kwetu, inataka mashahidi wawili au zaidi, na zawadi kwa shahidi au kwa mume au mke wa shahidi inabatilika. Tangazo la sheria za mila la 1963 linataka, kwa mtoa wosia anayejua kusoma na kuandika, wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma anahitaji wanne. Tuliweka watatu: kaka yangu, ambaye harithi kitu, jirani, na mwalimu mwenzangu wa zamani. Nilikuwa nimemleta mkwe wangu wa Arusha, wakili akamtoa nje kwa heshima. Sahihi yake ingemnyima mkewe robo yake.

Kosa jingine nililifanya mwenyewe. Nilisaini nyumbani mbele ya kaka na jirani, nikampelekea mwalimu mwenzangu kesho yake. Wakili aliichana ile karatasi. Tulirudia kwake, wote watatu chumba kimoja, wakiniona nikisaini kila ukurasa, kisha nao wakasaini mbele yangu, na tarehe ikaandikwa. Ulipigwa chapa, si kalamu ya risasi, na mstari wa kwanza unafuta wosia wote uliotangulia. Ule ukurasa wa daftari niliuchoma. Kwa kuwa nina presha, wiki ileile daktari wangu aliniandikia barua kwamba akili yangu ni timamu.

Jirani yangu mmoja Mwislamu aliniomba nakala aufuate. Nilimwambia aende kwanza kwa sheikh. Kwake wosia hauvuki theluthi ya mali wala haumwongezei mrithi, na watoto wanarithi kwa mafungu yaliyokwisha kuwekwa, kwa hiyo robo zangu zisingemfaa.

Nakala halisi niliipeleka RITA, wanaotunza wosia, wakanipa stakabadhi. Krismasi ile niliwasomea wanangu wote. Kitinda mimba alinuna, alidhani mdogo hupewa nyumba. Yule wa tatu aliomba nirudie kifungu cha bahasha mara mbili, halafu akasaini kwamba amesikia.

Kulibaki tundu moja. Milioni 8 ni za 2019, je, atakachotumia kijana baadaye? Tuliongeza kwamba gharama ya ujenzi itarudishwa ikiwa tu nimeikubali kwa maandishi nikiwa hai. Mwezi uliopita alibadilisha bati za upande wa jiko. Alikuja na stakabadhi ya duka mkononi, akasimama mlangoni, "Mama, saini hapa." Nilitafuta miwani kwanza, nikahesabu bati juu ya paa moja moja, ndipo nikasaini.