Kabati refu kwenye Kirikuu: mpira ulizuia kuteleza, ukaleta kuanguka

Jana jioni kipande cha karatasi nilichoweka chini ya kasha la majaribio kilibaki mahali pake mara sita mfululizo, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nimelala bila kuwaza kabati. Naandika sasa kabla sijasahau vipimo.

Kwa ambao hamkuona mwanzo wa mradi: natengeneza makabati ya nguo nyuma ya nyumba hapa Morogoro, na nayasafirisha kwa Kirikuu ya kukodi. Kabati langu la kawaida lina kimo cha sentimita 210, upana 90 na kina 55. Hili la mninga lenye kioo mlangoni nililipima likafika kilo 92. Bodi la gari lina urefu wa sentimita 190 tu. Ukililaza, linaning'inia nje na mlango wa nyuma unabaki wazi, na kioo kinabeba kila shimo la barabara. Kama kabati lako linaingia lote likiwa limelala chali, lilaze, usihangaike na haya ninayoyaandika. Langu linasafiri limesimama, ule upana wa sentimita 90 ukifuata urefu wa gari.

Mwezi wa nne bodaboda aliingia barabarani ghafla, dereva akakanyaga breki, kabati likateleza kama sentimita 40 na kugonga ukuta wa mbele wa bodi. Mguu mmoja ukachanika. Nikaona tatizo ni kuteleza, nikatandika mpira mzito wa sakafuni kwenye bodi lote. Safari iliyofuata, breki ya kawaida kabisa, kabati halikuteleza hata nukta. Lilipinduka. Lilianza kuinama mbele polepole, kisha likaenda lote, pembe yake ya juu ikatoboa paa la kabini. Kioo kwisha, ukingo wa juu kwisha, na paa la mtu nimelilipia. Niliumia sana, maana nilikuwa nimetumia hela kulifanya salama zaidi.

Nilichokuwa sijakielewa ni hiki. Breki ikishika, gari linapungua mwendo na kabati linataka kuendelea. Hapo kuna njia mbili tu: miguu iteleze, au miguu ing'ang'anie na kichwa kiende mbele. Inatangulia ile inayohitaji breki ndogo zaidi. Kuteleza kunategemea mshiko wa chini. Kupinduka kunategemea umbo peke yake:

```
a/g = b/h
```

`a` ni ukali wa breki, `g` ni mvutano wa dunia (9.81), `b` ni umbali wa ulalo kutoka kitovu cha uzito hadi ukingo wa mbele ambao kabati litaegemea likiinama, na `h` ni kimo cha kitovu hicho kutoka sakafu ya bodi. Kilo hazimo. Dereva wangu alisisitiza, "Fundi, hili zito, haliwezi kupinduka." Kaka yangu, uzito unalishikilia chini kwa kiasi kilekile unacholisukuma mbele. Kabati la kilo 50 na la kilo 150 zenye umbo moja zinapinduka kwa breki ileile.

Uzuri ni kwamba `b/h` huhitaji kuikokotoa. Tulisimama wawili, mmoja kila upande, tukaliinamisha kabati juu ya ukingo wake wa ubavuni mpaka likafika pale ambapo halitaki kwenda mbele wala kurudi, unalishika kwa vidole viwili. Wa tatu akaning'iniza timazi kutoka juu ya ule ubavu ulioinama na kupima: kwa kila mita moja ya uzi kushuka, uzi ulikuwa mbali na ubavu kwa sentimita 42. Basi, jibu ni 0.42. Juu ya ukingo wa upande wa mlango wa kioo tulipata 0.22 tu, kwa hiyo usilisimamishe likitazama kabini hata siku moja.

Kisha mshiko. Nilivuta kabati chini kabisa karibu na miguu kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza mahindi. Kwenye bodi tupu la chuma lilianza kusogea kwenye kilo 33. Gawanya kwa 92, unapata 0.36. Kwenye mpira lilisogea kwenye kilo 63, yaani 0.68. Soma namba hizo tatu pamoja na utaona kosa langu lote. Kwenye chuma, breki ikifika 0.36 kabati linateleza kabla ya kufika 0.42 ya kupinduka. Kwenye mpira, 0.42 inafika kwanza. Ule mpira uliondoa kuteleza na kuacha kupinduka peke yake.

Breki halisi ni kiasi gani? Nilifunga simu sakafuni mwa kabini na programu ya `phyphox`, jaribio la `Acceleration (without g)`. Kutoka kilomita 40 kwa saa kwenye lami kavu, dereva akikanyaga kwa nguvu zote, ilisoma mita 7.1 kwa sekunde kila sekunde, yaani 0.72 ya `g`. Kiwango cha Ulaya cha kufunga mizigo, `EN 12195-1`, kinataka mzigo uzuiwe kwa 0.8 kuelekea mbele, na hiyo ndiyo namba niliyoishika. Programu hii ni ya bure na naiamini, ila ukiacha simu ikichezacheza utapata takataka. Ifunge kwa gundi ya karatasi, kisha usome sehemu iliyotulia katikati ya mstari, usichukue ile ncha ya mwisho gari linaposimama na kurudi nyuma kidogo.

Kwa majaribio sikutumia kabati lenyewe. Niligonga kasha la plaiwudi lenye vipimo vilevile, nikafunga viroba vya mchanga ndani mpaka kilo na timazi vikalingana. Nikaliwekea kamba ya kuokolea iliyolegea sentimita 10, lisije likatoboa paa la pili. Chini ya ukingo wa nyuma wa kasha niliingiza kipande cha karatasi kilichovutwa na mpira wa manati. Ukingo ukinyanyuka hata kidogo, karatasi inaruka. Hakuna kubishana na dereva tena, karatasi ipo au haipo.

Hapa ndipo nilipokwama wiki mbili. Kwa hesabu, karatasi ilitakiwa kuruka breki ikifika 4.1. Iliruka kwenye 3.8. Nilipima upya timazi, nikabadilisha simu, nikamlaumu dereva. Nikaja kugundua nilipomwomba kijana apige picha ya video kutoka pembeni: gari likifunga breki linainamisha pua. Nilipima kwenye picha, bodi lilikuwa limelala mbele kama digrii 2. Digrii 2 hizo zinatolewa kwenye digrii 23 za ule mwinamo wa timazi, na 0.42 inashuka kuwa 0.38. Zidisha kwa 9.81, unapata 3.7. Nilipiga kelele uwanjani. Kwa hiyo gari lenye springi laini mbele linakupunguzia akiba kabla breki haijafanya kazi yake.

Jambo lingine la kwenye video: ukigusa breki na kuachia, kasha linanyanyuka na kurudi. Ndiyo maana madereva wengi wanasema "mbona siku zote linafika." Ila breki ya 0.7 ikishikiliwa, linafika mahali pa kutorudi ndani ya chini ya sekunde moja, na kusimama kutoka kilomita 40 kunachukua kama sekunde moja na nusu. Muda wa kupinduka upo wa kutosha.

Sasa mkanda. Mara ya kwanza nilifunga kama wanavyofunga wote: mkanda wa racheti unapita juu ya kabati katikati na kushuka kwenye kulabu za kulia na kushoto. Piga hesabu kwa breki ya 0.8. Nguvu ya kusukuma mbele ni kilo 73.6, ipo kwenye kimo cha mita 1.07, kwa hiyo inapindua kwa kilomita... hapana, kilo-mita 78.8. Uzito wenyewe unarudisha 92 mara 0.45, yaani 41.4. Pengo ni 37.4. Mkanda wa juu unavuta chini katikati, mita 0.45 tu kutoka ukingo, kwa hiyo lazima ukandamize kwa kilo 83 muda wote. Niliukaza mpaka ubao wa juu ukalia. Baada ya kilomita tatu za matuta, katoni niliyoweka chini ya mkanda ikabonyea, mkanda ukalegea, na karatasi ikaruka kwenye 3.9. Kazi bure.

Njia iliyofanya kazi: mkanda unazunguka ubavu wa mbele wa kabati kwenye kimo cha sentimita 175, unapita pande zote mbili, kisha unashuka kwa mshazari hadi kulabu za nyuma kabisa za bodi, kama sentimita 95 nyuma ya kabati. Pengo lilelile la 37.4 sasa linazibwa na mvuto wa kama kilo 29 tu kwa jumla, kwa sababu mkanda uko mbali na ukingo wa kuegemea kwa zaidi ya mita moja na robo. Na kabati likitaka kuinama, mkanda wenyewe unakazika. Ule wa juu haukuwa na tabia hiyo, ulitegemea nilivyoukaza asubuhi. Na mpira wa kutandika, niliokuwa nimeshauchukia, ndio unaozuia miguu isikimbie wakati mkanda unashika kichwa. Unahitaji vyote viwili.

Kwenye pembe weka vipande vya tairi la ndani lililokunjwa, katoni hapana. Kamba ya nailoni nimeiacha kabisa, inavutika, na kabati linapata nafasi ya kuanza safari kabla ya kushikwa. Kwa kona nimeweka mikanda miwili myembamba ya pembeni, maana kulala ubavu kwenye kina cha 55 kunahitaji kidogo sana. Kona nitazipima baadaye.

Majaribio sita ya jana, breki kati ya 6.8 na 7.2: karatasi ipo mara zote sita. Baada ya hapo tulizunguka matuta dakika ishirini, mkanda ukawa umelegea kwa meno mawili ya racheti, tukakaza, tukarudia moja. Ipo.

Nilikuwa nimeshanunua bomba za kuchomelea fremu ya A mbele ya bodi. Zitakaa kwanza. Wakati nabeba viroba vya mchanga nilijiuliza kwa nini kabati liwe kipande kimoja. Nikilikata kwenye sentimita 105 na kuunganisha kwa bolti nne na pini mbili za mbao, kila nusu itakuwa na kitovu kwenye kama sentimita 53. Nusu ya upana bado ni 45. Hiyo ni 0.85 bila mkanda wowote. Ukitoa mwinamo wa pua inabaki kama 0.79, ukali ambao gari hili halijafikia hata mara moja kwenye simu yangu. Mlango wa kioo ndio unaonisumbua, lazima uwe miwili au ufungwe baada ya kufika. Leo asubuhi nimeshachora mstari wa penseli kwenye mbao za kabati linalofuata.